Dashibodi inasema dola 4 kwa kila mchangiaji, daftari la michango linakataa. Naombeni msaada kabla ya kikao cha bodi

Mweka_Hazina:

Wakuu, salaam. Mimi ni mweka hazina wa kujitolea kwenye asasi ndogo inayogharamia matibabu ya macho kwa watoto. Tunatangaza mtandaoni kutafuta watu wa kuchangia, na bajeti yetu ina mafungu mawili. La kwanza ni ruzuku ya matangazo ya Google, ambayo kwa miezi mitatu (Desemba hadi Februari) imetumika kwa thamani ya dola 5,400. La pili ni fedha taslimu dola 3,600 tulizotangazia Facebook. Hizo zimetoka kwenye ruzuku ya mfadhili mmoja, kasma ya mawasiliano.

Kijana anayetusimamia matangazo ameleta ripoti yenye jumla ya "Conversions" 900 kwa miezi hiyo. Akagawa 3,600 kwa 900, akapata dola 4 kwa kila mchangiaji. Bodi imefurahi mno na inataka kuongeza fedha za Facebook mara mbili robo ijayo.

Tatizo ni kwamba daftari liko kwangu. Michango yote iliyoingia kupitia tovuti kipindi hicho, bila kuhesabu makato ya kila mwezi yanayojirudia, ni 214. Hao 900 siwaoni. Kijana ni mwaminifu, simshuku wizi. Nataka kuelewa hesabu imepotelea wapi, na gharama halisi ya kumpata mchangiaji mmoja ni kiasi gani. Kikao ni wiki tatu zijazo.

Kipepeo77:

Hongera mkuu kwa kupata ruzuku. Sisi tumeandika maombi kwa wafadhili wanne mwaka huu, wote kimya. Huyo mfadhili mlimwandikia barua ya namna gani? Na bajeti ya mawasiliano mliitetea vipi?

Mweka_Hazina:

Kipepeo77, hilo ni jambo jingine ndugu yangu, nitakuandikia pembeni. Hapa nauliza kuhusu wachangiaji wadogowadogo wanaokuja kwa matangazo.

Dira_ya_Mchango:

Nimefanya kazi hii ya kutafuta wachangiaji kwa miaka kadhaa, na hali yako naiona mara kwa mara. Kabla hatujagawanya namba yoyote, mwambie kijana afungue Google Ads, sehemu ya Goals, akupe orodha ya vitu vyote vinavyohesabiwa kama "Conversions", kila kimoja na idadi yake. Afanye hivyo hivyo upande wa Facebook. Nina hakika kubwa kwamba humo ndani mchango wa fedha ni kitu kimoja kati ya vitatu au vinne.

Na hili halitokani na ubaya wa mtu. Masharti ya ruzuku ya Google yanataka akaunti iwe na matukio yanayopimwa kila mwezi. Kwa asasi ndogo isiyopata michango mingi, anayeweka mitambo huongeza "amejiandikisha kupokea jarida", "amefungua ukurasa wa kuchangia" na kadhalika ili akaunti ibaki hai. Ubaya unaanza pale jumla inapopelekwa kwenye bodi kwa jina la wachangiaji.

Mtaalamu_wa_Bure:

Mnajisumbua. Ruzuku ya Google ni bure, kwa hiyo gharama ya mchangiaji anayetoka huko ni sifuri. Hesabu Facebook peke yake. Na ushauri wangu: ongezeni matangazo kwa watu wanaotafuta jina la asasi yenu kwenye Google. Hao wanabofya sana na wanachangia sana, ndio tiba ya akaunti yoyote ya ruzuku.

Dira_ya_Mchango:

Mtaalamu_wa_Bure, una nusu ya ukweli, nitarudi kwenye hiyo nusu. Ngoja kwanza orodha ije.

Mweka_Hazina:

Imekuja, na nimekaa nayo usiku mzima. Katika zile 900:

waliofungua ukurasa wa kuchangia wakakaa zaidi ya sekunde 30 ni 430;
waliojiandikisha jarida ni 280;
waliochangia ni 190.

Hizo 190 nimezioanisha na daftari moja moja, kwa barua pepe, tarehe na kiasi. 22 ni marudio. Kuna mama mmoja aliyechangia dola 25 mara moja tu, lakini ukurasa wetu wa "Asante" umehesabiwa mara tatu siku hiyo hiyo, saa 2:14, 2:15 na 2:41 usiku. Nadhani alikuwa anaufungua tena kuangalia namba ya risiti. Na kuna michango mingine ambayo Google na Facebook zote mbili zimedai ni yake. Nikiondoa marudio nabaki na michango 168 ya kweli.

FundiWavuti:

Hiyo ya ukurasa wa Asante ni ugonjwa wa kawaida. Tovuti inatuma tukio kila ukurasa unapopakiwa, haijui kama ni malipo mapya. Mwambie fundi wenu aambatanishe namba ya muamala kwenye tukio, kwa jina la `transaction_id`. Google ikiona namba ileile mara ya pili kwenye tukio lilelile, hailihesabu tena. Ni kazi ya nusu saa kama mfumo wa malipo unarudisha namba hiyo kwenye ukurasa.

Lakini hilo halizuii Google na Facebook kudai mchango mmoja. Kila mmoja anahesabu nyumbani kwake bila kumuuliza mwenzake. Facebook kwa mpangilio wake wa kawaida inajipa sifa mtu akichangia ndani ya siku 7 baada ya kubofya, na hata ndani ya siku 1 baada ya kuliona tangazo tu bila kubofya. Kwa hiyo kujumlisha safu ya Google na safu ya Facebook kunaweza kukuletea namba kubwa kuliko ukweli. Mwamuzi ni daftari lako.

Dira_ya_Mchango:

Umefanya kazi nzuri sana mkuu, wengi hawafiki hapo. Sasa chukua hizo 168 ujibu maswali mawili. La kwanza, ni wangapi hawajawahi kuchangia kabla? La pili, hao wapya wametoka wapi: Facebook, Google kwa kutafuta jina la asasi yenu, au Google kwa kutafuta kitu kingine kama "kusaidia watoto wenye mtoto wa jicho"?

Tofauti ya hayo mawili ya mwisho ndiyo roho ya suala zima. Mtu anayeandika jina la asasi yenu kwenye Google tayari anawajua. Pengine amewasikia kwa rafiki, pengine yuko njiani kuja kuchangia. Tangazo limesimama mlangoni likamhesabu wakati anaingia. Asingeliona, wengi wao wangebofya tovuti yenu iliyo chini yake tu.

Mweka_Hazina:

Nimemaliza. Kati ya 168, 57 walishawahi kuchangia miaka ya nyuma. Wapya ni 111. Kati yao 70 ni wa Facebook, 41 ni wa ruzuku ya Google. Na katika hao 41, 29 waliandika jina letu. Waliotufikia kwa maneno mengine ni 12 tu.

Naomba niseme wazi, nimeumia. Tulitoka 900 tukafika 111.

Sauti_ya_Kijiji:

Pole, lakini hao 57 usiwatupe. Kumrudisha mtu aliyechangia miaka miwili iliyopita akanyamaza ni kazi, na ina thamani. Sisi tuna wachangiaji wa zamani wanaotoa zaidi ya wapya.

Dira_ya_Mchango:

Kweli kabisa. Waandikwe kwenye safu yao wenyewe, "waliorudi". Kosa ni kuwaweka kwenye safu ya wapya, kwa sababu hao ungeweza kuwarudisha kwa barua pepe isiyogharimu chochote kabla ya kuwalipia tangazo. Mkuu, angalia wangapi kati ya hao 57 wako kwenye orodha yenu ya barua pepe. Kama ni wengi, mpeni kijana orodha hiyo aipakie Facebook kama watu wa kutoonyeshwa tangazo. Kisha fedha ya Facebook itaelekezwa kwa watu wasiowajua.

Sasa gharama. Mtaalamu_wa_Bure anasema ruzuku ya Google ni sifuri. Ni kweli kwamba dola 5,400 hazikutoka mfukoni mwenu. Ruzuku hiyo ni hadi dola 10,000 kwa mwezi, takriban 329 kwa siku, na haiji kama fedha. Ni nafasi ya matangazo ya maandishi kwenye matokeo ya utafutaji, na usiyoitumia mwezi huu haiendi mwezi ujao. Kwa hiyo sikushauri ugawanye 5,400 kwa wachangiaji, utapata namba isiyokusaidia kuamua lolote. Lakini kuna mtu anaisimamia. Unamlipa kiasi gani? Na matangazo ya Facebook nani kayatengeneza?

Mweka_Hazina:

Kijana tunamlipa dola 150 kwa mwezi, kazi yake ni ruzuku ya Google tu, yaani 450 kwa robo. Facebook anaiangalia afisa wetu wa kujitolea, lakini picha na video tulilipa dola 300.

Dira_ya_Mchango:

Basi tunayo yote. Fuatana nami.

Facebook: 3,600 na 300 ni 3,900. Gawa kwa wapya 70, ni dola 55.71 kwa mchangiaji mpya mmoja.

Ruzuku ya Google: 450 kwa wapya 41 ni dola 10.98. Inapendeza. Lakini ukiwatoa wale 29 walioandika jina lenu, 450 kwa 12 ni dola 37.50. Sisemi wote 29 wangekuja wenyewe. Nasema ukweli uko kati ya 10.98 na 37.50, na kwa uzoefu wangu unaegemea juu.

Kwa ujumla: fedha halisi mliyotoa ni 4,350. Kwa wapya 111 ni dola 39.19. Bila wa jina ni 4,350 kwa 82, yaani 53.05. Hiyo ndiyo familia ya namba unayoipeleka kwenye bodi badala ya ile 4.

Mtaalamu_wa_Bure:

Nakubali kwenye usimamizi, sikuufikiria. Ila jina siliachi. Akaunti ya ruzuku ikishuka chini ya asilimia 5 ya wanaobofya miezi miwili mfululizo, Google inaweza kuisimamisha. Matangazo ya jina ndiyo yanayovuta wastani juu. Ukiyaondoa unaua akaunti yote, na hao 12 nao unawakosa.

Kilimo_na_Maji:

Hilo la asilimia 5 lilitukuta sisi. Tulikuwa na maneno mapana kama "maji safi" na "msaada wa elimu". Tangazo linaonekana maelfu ya mara, hakuna anayebofya. Tulifika asilimia 2 na kitu, akaunti ikazimwa. Tulirudishiwa baada ya kufuta karibu theluthi mbili ya maneno na kuandika tangazo tofauti kwa kila kundi dogo. Neno moja peke yake, kama "maji", haliruhusiwi kwa akaunti za ruzuku isipokuwa machache kama jina lenu. Hatukulijua hilo mpaka tulipozimwa.

Dira_ya_Mchango:

Hapo ndipo nusu ya ukweli ya Mtaalamu_wa_Bure ilipo, na nakubaliana naye: msizime matangazo ya jina. Yana kazi yake ya kulinda akaunti. Yawekeni kwenye kampeni yao wenyewe, na ripoti yake isimame peke yake, isijumlishwe na ya wageni.

Kuna jambo zito zaidi ambalo bado hatujaligusa. Zile hesabu za ukurasa uliofunguliwa sekunde 30 zimefanya zaidi ya kupamba ripoti. Zimeiongoza mashine. Mkuu, muulize kijana kampeni za ruzuku zinatumia mkakati gani wa kupanga bei. Naamini atakuambia *Maximize conversions*, kwa sababu kwenye ruzuku ni mmoja kati ya ile inayokuruhusu kupita kikomo cha dola 2 kwa mbofyo. Mkakati huo huenda kuwatafuta watu wanaofanana na waliotimiza tukio ulilolitaja. Ukiiambia kwamba kufungua ukurasa na kukaa sekunde 30 ni sawa na kuchangia, itakuletea wasomaji wa ukurasa, na kwa uaminifu wote. Ni rahisi kuwapata kuliko watoaji.

Dalili yake unaiona hivi: matukio yanapanda mwezi baada ya mwezi, michango kwenye daftari imesimama palepale.

Mweka_Hazina:

Ndivyo ilivyo. Ni *Maximize conversions*. Na matukio ya "ukurasa wa kuchangia" yamepanda kutoka 96 Desemba hadi 201 Februari. Michango haikupanda.

FundiWavuti:

Dawa iko kwenye kila tukio, kuna kuchagua *Primary* au *Secondary*. La *Primary* ndilo linaloingia kwenye safu ya "Conversions" na kuongoza bei. La *Secondary* linaonekana tu kwa taarifa. Mchango uwe *Primary*, vingine vyote *Secondary*.

Dira_ya_Mchango:

FundiWavuti, kwa Facebook ningekubali moja kwa moja. Kwa ruzuku yao nasita kidogo. Wapya 41 kwa miezi mitatu ni kama 14 kwa mwezi, na hata ukiongeza waliorudi bado ni wachache kwa mashine kujifunza. Nimeona akaunti ikibadilishwa hivyo kwa mkupuo, matumizi yakaporomoka ndani ya wiki, mashine haijui imtafute nani.

Mimi ningeshusha "ukurasa wa kuchangia" leo hii, maana haudai chochote kwa mtu. Jarida ningeliacha *Primary* kwa miezi miwili, kwa sababu aliyetoa barua pepe yake ni mtu unayeweza kumwomba mchango baadaye. Kisha ripoti ya bodi itoke kwenye daftari tu, isitoke kamwe kwenye safu ya "Conversions".

FundiWavuti:

Sikubaliani sana. Jarida nalo litaleta wapenda jarida. Lakini yeye ana akaunti mkononi, ajaribu aone.

Sauti_ya_Kijiji:

Sisi shida yetu ni ya upande wa pili kabisa. Dashibodi ilisema michango 30, daftari likasema 95. Ilituchukua muda kugundua kwamba watu wetu wengi wanalipa kwa simu. Mtu anajaza fomu kwenye tovuti, ombi la malipo linakuja kwenye simu, anaweka namba ya siri, anapata ujumbe, anafunga. Harudi kwenye ukurasa wa Asante. Mchango umeingia, Google haijui.

Mweka_Hazina, wewe una michango 214 na matangazo yamedai 168. Hiyo 46 iliyobaki umeiangalia?

Mweka_Hazina:

Nimeiangalia sasa hivi. 31 kati ya 46 ililipwa kwa simu. Sijui walikuja kwa tangazo au la.

FundiWavuti:

Hapo unatakiwa kuokota alama ya mbofyo kabla mtu hajaondoka. Mtu akibofya tangazo la Google, anwani ya ukurasa anaofikia inakuwa na `gclid=` na herufi nyingi. Ihifadhi, kisha iingize kwenye fomu ya mchango kimyakimya. Hii ya kwanza iwe kwenye kila ukurasa:

```js
const g = new URLSearchParams(location.search).get("gclid");
if (g) localStorage.setItem("gclid", g);
```

Na hii kwenye ukurasa wa fomu, chini ya sehemu iliyofichwa yenye `id="gclid"`:

```js
document.getElementById("gclid").value =
  localStorage.getItem("gclid") || "";
```

Daftari lako litakuwa na safu ya alama hiyo kwa kila mchango, hata uliolipwa kwa simu. Mara moja kwa wiki unapakia faili Google Ads lenye alama, jina la tukio, saa, kiasi na sarafu. Usichelewe, mbofyo wa zaidi ya siku 90 haupokelewi. Na kama tovuti yenu inaomba ridhaa ya mgeni kabla ya kuhifadhi chochote kwenye simu yake, hii nayo isubiri ridhaa hiyo. Kwa viungo vya Facebook ongeza `utm_source=facebook` na jina la kampeni, uhifadhi kwa njia ileile. Haitakusaidia kwa hizo 46 zilizopita, ni za mbele tu.

Afisa_Ruzuku:

Nimesoma uzi wote na kuna jambo linanitia wasiwasi kuliko hesabu. Hizo 3,600 za Facebook zimetoka kwenye ruzuku ya mfadhili, kasma ya mawasiliano. Mkataba unaruhusu kuzitumia kuomba michango?

Wafadhili wengi wanatenganisha kutangaza huduma na kuchangisha fedha. Mfano ulio wazi ni fedha za serikali kuu ya Marekani: kanuni 2 CFR 200.442 inasema gharama za kuchangisha haziruhusiwi, isipokuwa pale kuchangisha kunapotumikia malengo ya mradi wenyewe na mmepata kibali cha maandishi mapema. Mfadhili wako anaweza kuwa wa aina nyingine kabisa, na yuko atakayeruhusu. Soma maneno ya kasma, usisome jina lake. Mkaguzi akikuta tangazo limeandikwa "Changia sasa" na kasma inasema "kuelimisha jamii", atakuambia rudisheni fedha.

Mweka_Hazina:

Nimesoma mkataba. Kasma inasema: "uhamasishaji wa wazazi kuhusu uchunguzi wa macho kwa watoto". Matangazo yetu yote ya Facebook yaliomba mchango.

Nilishiriki kuidhinisha malipo hayo, nilidhani mawasiliano ni mawasiliano.

Afisa_Ruzuku:

Usisubiri ripoti ya mwisho. Mwandikieni mfadhili sasa, mkurugenzi asaini, mseme kilichotokea, kiasi, na mnachopendekeza: ama mruhusiwe kwa maandishi kubadilisha matumizi, ama mrudishe 3,600 kwenye kasma kutoka fedha zenu zisizo na masharti. Na simamisheni leo matumizi zaidi ya kasma hiyo kwa Facebook. Nimeona wafadhili wakilipokea jambo hili vizuri likiletwa mapema na mwenyewe. Likigunduliwa na mkaguzi ni habari nyingine.

Dira_ya_Mchango:

Afisa_Ruzuku ametuokoa sote, mimi nilipita juu ya sentensi hiyo. Na ona, mkilazimika kurudisha, hizo 3,600 ni fedha zenu. Kwa hiyo swali la kama matangazo yanalipa linakuwa kali zaidi. Wapya 111 wametoa jumla ya kiasi gani?

Mweka_Hazina:

Mchango wa kwanza wa wote 111 ni dola 3,220. Lakini mmoja alitoa 1,000 peke yake. Na 14 wamejiandikisha kutoa dola 10 kila mwezi.

Dira_ya_Mchango:

Wastani pamoja na yule mkubwa ni dola 29.01. Bila yeye ni 2,220 kwa 110, dola 20.18. Mmefurahi kumpata, lakini usipange bajeti ukimtarajia wa pili.

Mlitumia 4,350, mkapata 3,220. Pengo ni 1,130. Wale 14 wanaleta 140 kwa mwezi, wangedumu wote pengo lingezibika mwezi wa 9. Lakini hawadumu wote. Wa mwaka jana wamebaki wangapi?

Mweka_Hazina:

Tulikuwa na 10, baada ya mwaka wamebaki 6.

Dira_ya_Mchango:

Ni kundi dogo, lakini ndilo lenu, tulitumie. Wakipungua taratibu kwa kiwango hicho, pengo la 1,130 linazibika karibu na mwezi wa 10. Ukimwondoa yule wa 1,000, pengo ni 2,130, na kwa mwaka mzima watoaji wa kila mwezi wataleta kama 1,340. Hamfiki ndani ya mwaka wa kwanza. Hiyo si sababu ya kuacha kutangaza, asasi nyingi hupata hasara kwa mchangiaji mpya mwanzoni na kufidia mwaka wa pili. Ni sababu ya kujua mnaweza kuvumilia pengo hilo kwa muda gani, na kwa fedha ya nani.

Kuhusu kuongeza mara mbili, nipe Facebook mwezi kwa mwezi.

Mweka_Hazina:

Desemba 800, wapya 22. Januari 1,200, wapya 25. Februari 1,600, wapya 23.

Dira_ya_Mchango:

Bila gharama ya picha: 36.36, kisha 48, kisha 69.57. Dola 400 mlizoongeza Januari zimeleta watu 3 zaidi, yaani dola 133 kwa kila mmoja wa nyongeza. Za Februari hazikuleta mtu. Wastani wa robo unaficha hilo. Bodi ikiongeza mara mbili haitanunua wachangiaji kwa wastani, itawanunua kwa bei ya yule wa mwisho, ambaye ni ghali kuliko wote.

Sauti_ya_Kijiji:

Lakini Desemba watu wanatoa zaidi popote pale. Januari na Februari ni miezi migumu. Huwezi kusema ni kiasi cha fedha kilichoharibu, pengine ni majira.

Dira_ya_Mchango:

Una haki, kwa data hii siwezi kuvitenganisha. Njia ni kushuka hadi 800 miezi miwili mfululizo isiyo ya sikukuu. Wapya wakibaki 20 na kitu, tatizo lilikuwa kiasi. Wakishuka sana, ni majira, au picha zimechosha watu.

Mweka_Hazina:

Narudi baada ya kikao. Niliwapelekea ukurasa mmoja: michango 168, waliorudi 57, wapya 111, dola 39.19 hadi 53.05 kwa mpya, na jedwali la miezi mitatu. Mwenyekiti alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaonyesha daftari na dashibodi pamoja. Nyongeza imesitishwa, tunashuka hadi 800 kwa miezi miwili kutoka fedha zetu wenyewe. Barua kwa mfadhili imeondoka siku tatu kabla ya kikao, bado hajajibu.

Kijana nimekaa naye. Namba ya muamala imewekwa, safu ya `gclid` inafanya kazi, na ndani ya wiki mbili tayari tumeona michango 4 ya simu iliyotoka kwa matangazo ya Google ambayo dashibodi isingeijua. Kwa hiyo 12 wangu pengine walikuwa zaidi ya 12.

Tumeanza pia kuzima kampeni ya jina wiki moja na kuiwasha wiki inayofuata, kuona hao wa jina wangekuja wenyewe au la. Ikiwa imewashwa tumepata wapya 3 kwa njia zote za kutafuta jina, la kulipiwa na la kawaida. Ikiwa imezimwa tumepata 2.

Dira_ya_Mchango:

3 na 2 haziwezi kukuambia kitu. Endelea angalau wiki 12, sita kwa sita, na usiguse Facebook katikati. Angalia pia asilimia ya wanaobofya wiki za kuzima, isije ikashuka chini ya 5 kwa mwezi mzima.

Mtaalamu_wa_Bure:

Lete matokeo hapa mkuu, hata mimi nataka kujua.